Skripti ya prompta na ya karatasi: kabla hujapesti ile Word ya mteja

Juzi kijana mmoja wa Kisauni, ndo kwanza ameanza kushuti video za maofisi na masako, aliniuliza ati akishakuwa na teleprompta si anachukua tu ile hotuba kama alivyotumiwa na mteja anaipesti pale inaanza kupanda, kwani kuna kazi gani nyengine. Nikacheka manake mimi pia ndivyo nilivyoanza, na sikuambiwa na mtu, niliyaona kwa macho yangu kwenye ofisi moja hapo Tudor mbele ya mzee mmoja mwenyekiti wa sako, amevaa koti na kofia yake ya vito, ametulia tuli anasubiri kamera iwake.

Hotuba yake ilikuwa kurasa tatu za A4. Nikakopi, nikapesti kwenye tableti, nikakuza maandishi mpaka yakajaa skrini, tukaanza. Sauti nzuri, uso mzuri, mzee hababaiki ila kwenye namba moja. Sasa tuliporudi kuangalia klipu kwenye laptopu nikaona macho yake yanakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu aliyekaa Likoni anaangalia feri zikipishana. Mzee mwenyewe akaona, akaniuliza, "Mwanangu, mbona naonekana kama namtafuta mtu?" Tukarudia yote.

Basi hii ni kwa anayetaka kuchagua kati ya prompta na karatasi, ama aliyeshachagua prompta lakini skripti yake bado ni ya karatasi. Nitakaa sana kwenye urefu wa mstari na fonti manake hapo ndo watu wengi wanapokosea, hayo mengine nitayapita mbio.

Tuanze na karatasi, ambayo watu wanaidharau bure. Mtu anayesoma karatasi anainamisha macho, anachota sentensi, anainua uso anaisema, kisha anarudi chini kuchota nyengine. Kila mtu anayemtazama anajua anasoma na hakuna anayejali. Kwa hivyo mstari wa karatasi unaweza kuwa mrefu, herufi 55 mpaka 65 na nafasi zake, hiyo ni kawaida ya A4 ukitumia pointi 14, na macho yakisafiri upana wote huo hayamsumbui mtazamaji kwa sababu wakati yanasafiri kope ziko chini. Kazi kubwa kwa karatasi ni msomaji asipoteze mahali akirudi, ndo maana unaacha nafasi pana kati ya mistari, unaanza aya mpya mara kwa mara, unaweka kidole gumba pembeni, na sentensi haivuki kwenda ukurasa mwengine. Mimi huandika juu tu, thuluthi mbili za ukurasa, chini naacha tupu, manake mtu akifika mistari ya mwisho ya A4 kidevu kinaingia kifuani na maiki ya kola inaanza kusikia kitambaa. Na usipige stepla. Karatasi zilegee, namba juu ya kila moja, ukimaliza unaisukuma pembeni kimya kimya bila kuifunua.

Prompta ni mambo mengine kabisa. Kwa asiyejua ndani yake: skrini imelala chini, juu yake kuna kioo kimeinama digrii 45, nyuma ya kioo ndo kamera. Maandishi yanageuzwa kinyume, kwenye apu kuna swichi imeandikwa `Mirror`, kioo kinayarudisha sawa, na msomaji anayaona yanaelea mbele ya lenzi. Anasoma huku anakutazama. Hapo faida na hapo balaa, manake macho hayana pa kujificha, kila yanapokwenda tunayaona.

Sasa upana. Tableti yangu ukiilaza ina karibu sentimita 20, nikitoa pembezoni maandishi yanachukua 18. Mzee wa Tudor nilimkalisha mita moja na nusu kutoka kwenye skrini, na ukipiga hesabu, sentimita 18 kwa umbali huo ni kama digrii 7 macho yanazunguka kila mstari. Inaonekana, tena sana ukiwa umemvuta uso karibu. Ukimrudisha mita 3 upana ule ule unabaki digrii tatu na nusu, macho yanatulia, kamera unaizumu kidogo ili uso urudi ukubwa wake. Kwa hivyo watu husema dawa ni kurudi nyuma, na ni kweli, ila kuna mtego.

Mtego ni ukubwa wa herufi. Usiamini ile namba ya pointi kwenye apu, kila apu ina zake, chukua rula upime herufi kubwa kama H pale kwenye skrini. Kwa mita moja na nusu herufi ya milimita 9 inasomeka raha mustarehe kwa mtu wa macho ya kawaida, na kwa fonti kama Arial herufi za urefu huo zinaingia kama 28 kwenye zile sentimita 18. Ukirudi mita 3 na unataka zionekane vile vile itabidi ziwe milimita 18, na hapo mstari unabeba herufi 14 tu. Utasema basi nitafute skrini kubwa, monita ile ya mraba ya inchi 19 ambazo zimejaa kwa mafundi wa kompyuta mitumba. Sawa, lakini ukijaza herufi 28 za milimita 18 upana unakuwa sentimita 36, na sentimita 36 kwa mita 3 ni digrii 7 tena, feri zimerudi Likoni.

Yaani ukubwa wa herufi na utulivu wa macho vinavutana kamba, huwezi kupata vyote, na skrini kubwa haikuokoi. Unachoweza ni kugawana hasara. Mimi siku hizi nasimamisha mtu mita 2 na kitu kidogo, herufi milimita 9 mpaka 10, mstari herufi 24 hivi, pembezoni nimezibana makusudi hata kama skrini ina nafasi. Hapo macho yanazunguka digrii 4 mpaka 5 tu. Na umbali uhesabu vizuri, ni kutoka jicho mpaka kioo ujumlishe na kutoka kioo mpaka skrini, si mpaka miguu ya stendi.

Kupima kama umefaulu ni rahisi, rekodi nusu dakika, zima sauti, angalia macho peke yake. Ukiona hata mara moja unajua mstari umeishia wapi, bado mpana.

Haya, kwa nini nisishuke mpaka herufi 14 macho yasisogee kabisa? Kwa sababu ya Kiswahili chetu. Utakuta ushauri wa wazungu unasema maneno manne mpaka sita kwa mstari, lakini wao maneno yao mafupi. Sisi neno moja ni sentensi. "Waliojiandikisha" herufi 16, "tutakapowakabidhi" 17. Ukiwa na mstari wa herufi 14 ama neno linakatwa katikati, na apu inakata popote bila kujua silabi, ama linashuka lote linaacha shimo tupu juu yake na msomaji anasita pale kwenye shimo akidhani ni nukta. Kwa hivyo sishuki chini ya 20, na hesabu yangu ni maneno matatu, manne kwa mstari.

Tena hata ukipata upana mzuri usiiachie apu ikate yenyewe. Piga enta kwa mkono wako, ukate pale mtu anapovuta pumzi. Na vile vijineno vyetu, ya, wa, kwa, na, visibaki vinaning'inia mwisho wa mstari, vishuke na mwenzao. Ukiacha "mikopo ya" juu na "wanachama" chini, msomaji anasema "mikopo yaaa... wanachama", utadhani kasahau. Kwenye karatasi hii haina shida kwa sababu amechota sentensi nzima kabla hajafungua mdomo, kwenye prompta anaona mistari mitatu minne tu na ile ya mbele bado haijafika.

Nikupe kile kipande cha mzee, namba nimezibadilisha. Kwenye karatasi kilikuwa hivi, na kwa karatasi kiko sawa:

Wanachama wenzangu, hamjambo nyote. Mwaka uliokwisha tulitoa mikopo ya Sh4,350,000 kwa wanachama 212. Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 14, 9:00 a.m., Tononoka.

Na hivi ndivyo kilivyoingia kwenye prompta mara ya pili:

```
Wanachama wenzangu,
hamjambo nyote.

Mwaka uliokwisha
tulitoa mikopo
ya shilingi
milioni nne,
laki tatu na nusu,
kwa wanachama mia mbili
na kumi na wawili.

Mkutano mkuu
ni Jumamosi,
tarehe kumi na nne,
saa tatu asubuhi,
pale Tononoka.
```

Angalia namba. Mwenye karatasi akikutana na 4,350,000 ana nafasi ya kuihesabu koma zake huku ameinama, mwenye prompta ameshafika na kamera inamwangalia. Lakini kubwa zaidi ni ile 212. Kiswahili moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinafuata ngeli, kwa hivyo tarakimu haikwambii kama ni "kumi na mbili" au "kumi na wawili", msomaji aamue mwenyewe papo hapo, na mzee mara ya kwanza alisema "wanachama mia mbili kumi na mbili" kisha akajisikia akarudia, take ikaharibika. Ukiandika kwa maneno umeshamwamulia. Na ile 9:00 a.m. usiitie kabisa kwenye prompta, mtu mwenye mbio anaona tisa anasema saa tisa, wanachama waje alasiri mkutano umeshaisha.

Utaona pia skripti imekuwa ndefu, maneno yale yale yamechukua mistari 14. Usishtuke. A4 ya pointi 14 yenye mistari iliyoachana ni maneno kama 200, kwa mwendo wa hotuba, nikipima kwa watu ninaowashuti, ni dakika mbili kasoro. Kwenye prompta hayo 200 yanaweza kufika mistari 70 na muda ni ule ule. Nilikuwa na mteja aliyeona imefika mistari mia mbili akaanza kukata hotuba, nikamwambia bi mkubwa, soma kwa sauti na saa mkononi kwanza, usihesabu mistari.

Fonti sasa. Karatasi haina makuu, Times New Roman inasomeka, hata watu wazima wanaipenda kwa sababu ndo ya magazeti na vitabu, na vile vijimkia vya herufi kwenye karatasi havisumbui. Weka pointi 16 mpaka 18 kama inawekwa kwenye mimbari mbali kidogo na macho, nyeusi kwenye nyeupe, na kama kuna taa kali tafuta karatasi ya rangi ya maziwa manake nyeupe pepepe inarusha mwanga kidevuni.

Times hiyo hiyo ukiitia kwenye prompta inakufa. Maandishi ya prompta ni meupe kwenye weusi, weusi ni lazima kwa sababu kile kioo kinarudisha mwanga wa skrini nzima, ukiweka skrini nyeupe kioo chote kinang'aa na mwenye miwani unamwona ana dirisha jeupe kwenye kila jicho. Sasa herufi nyeupe inayong'aa inavimba kidogo, vile vistari vyembamba vya Times ama vinamezwa na mng'ao ama vinapotea. Na kama kioo chako ni cha kukatisha kwa fundi wa fremu, kama changu cha kwanza, kuna ugonjwa mwengine: kioo cha kawaida kinarudisha picha mara mbili, ya uso wa mbele na ya uso wa nyuma, kwa hivyo kila herufi ina kivuli chake pembeni. Kadri kioo kinavyokuwa kinene ndivyo kivuli kinavyoachana. Fonti nene isiyo na mikia inavumilia kivuli, yenye mikia inavurugika. Dawa ya kweli ni kile kioo maalumu kilichopakwa dawa upande mmoja, upande uliopakwa ukae kwa msomaji, kama huna basi tafuta kioo chembamba uwezavyo.

Kwa hivyo ni Arial au Verdana. Mimi nilikuwa mtu wa Arial mpaka nikagundua kitu cha ajabu, Arial I kubwa na l ndogo ni kijiti kimoja. Kiingereza labda hawaoni shida, ila sisi sentensi zetu ngapi zinaanza na Ili, Ilikuwa, Iliyobaki? Kwenye Arial "Ili" ni vijiti vitatu vimesimama foleni, msomaji anasita nusu sekunde, na nusu sekunde usoni inaonekana. Verdana I yake ina kofia juu na kiatu chini, hakuna kuchanganya. Ubaya wa Verdana ni mnene, herufi zake pana, pale ulipokuwa unapata 28 za Arial utapata kama 24 za Verdana kwa ukubwa ule ule, lakini kwa vile nilishakwambia tunataka 24, hainiumi.

Herufi kubwa tupu usitie. Najua studio za zamani zilikuwa hivo na kuna wasomaji wa habari walizoea, lakini andika TULIPOWAKABIDHI na tulipowakabidhi uone, la kwanza ni tofali, la pili lina vichwa vya t, l, k, b, d, h vinavyopanda na mguu wa p unaoshuka, kila herufi ina umbo lake na jicho halisiti. Mistari ianzie kushoto yote, usiweke katikati manake kila mstari utaanzia mahali tofauti na jicho linaanza kuwinda. Nafasi kati ya mistari moja na nusu inatosha. Ule mshale wa kusomea uuweke usawa wa lenzi, sio chini.

Haya, uchague ipi?

Swali la kwanza ninalouliza siku hizi wala halihusu skripti, nauliza unavaa miwani gani. Mzee wetu tuliporudia, mistari imekatwa vizuri, namba ziko kwa maneno, akatoa miwani yake ya kusomea akavaa, akasema haoni kitu, ukungu. Bila shaka, miwani ile imepimwa kwa gazeti la mkononi, sentimita 40 hivi, na prompta iko mita mbili. Akaivua, akasoma. Mwengine ana miwani ya sehemu mbili, juu ya mbali chini ya karibu, huyo akizoea kusomea chini anainua kidevu juu kutafuta na kwenye video anaonekana ana maringo. Mtu ambaye bila miwani haoni mbali wala karibu, na hana ya mbali, mpe karatasi usimtese.

La pili ni wapi. Ndani ya chumba prompta inashinda kwa video ya mtu mmoja anayemtazama mtazamaji. Nje hapo Mama Ngina saa nane mchana jua linaingia kwenye kioo, maandishi yanafifia mpaka uyakinge kwa kitambaa cheusi, na tableti ikikaa juani inapata moto inazima yenyewe. Lakini kule kule kusi likivuma karatasi nayo ni vita, nimeshakimbiza ukurasa wa pili mpaka kwenye mawe. Nje natumia karatasi kwenye ubao wa klipu, na bendi mbili za mpira chini.

La tatu, anasema nini. Salamu za rambirambi, kuomba radhi, kusoma majina ya wafadhili, karatasi mkononi inafaa zaidi, watu wanataka kuona umeyaandika. Maelezo ya bidhaa ama tangazo la mkutano la dakika mbili, prompta. Hotuba ya dakika 20 ukumbini na watu wamekaa pande zote, karatasi, kwa sababu prompta ya kamera inamfunga anatazama sehemu moja tu kama kaona jini.

Na ukichagua prompta, kuna mtu wa kuiendesha? Ikiwa inapanda yenyewe kwa spidi iliyowekwa, msomaji anaikimbiza, akikohoa imemwacha. Mkono wa mtu unamfuata msemaji, anapunguza akipunguza. Kama uko peke yako nunua ile rimoti ndogo ya bluutuuthi umpe ashike chini ya meza.

Kisha printi ile skripti ya prompta kama ilivyo, na mikato yake, usiprinti ile Word. Siku ile Tudor stima zilipotea tukiwa kwenye ule mstari wa Tononoka, taa kwisha, mzee akabaki kwenye mwanga wa dirisha. Nikampa karatasi ile yenye mistari mifupi, akavaa miwani yake ya kusomea, akaniangalia, "Sasa hii kwa nini hukunipa mwanzo?" Tukamalizia dirishani.